Kuikagua rasimu ya barua ya shukrani kabla hujaituma

Mtu anayekagua rasimu ya shukrani kwa kawaida huanza na urefu, kwa sababu ndio unaoonekana kwanza. Anakata sentensi hapa, anaunganisha aya pale, na barua iliyokuwa ndefu na isiyosema kitu inakuwa fupi na isiyosema kitu. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Kwanza kagua kama rasimu imejaa maneno ya jumla, kisha kama inajisifu, kisha kama ni rasmi kupita kiasi, na urefu uje mwisho kabisa.

Mpangilio huo una sababu. Maneno ya jumla ndiyo yanayozaa kasoro nyingine. Mwandishi ambaye hajasema hasa alichotendewa huona barua yake inapwaya, naye huijaza kwa misamiati mizito, kwa kurudiarudia asante, au kwa habari zake mwenyewe. Ukishalitibu hilo la kwanza, sehemu kubwa ya yale mengine huondoka bila kuguswa.

Tutashughulika na aina moja tu ya shukrani: barua kwa mtu aliyekusaidia kupata kitu, kwa mfano kazi, nafasi ya masomo au ufadhili. Hii ndiyo yenye mitego mingi kuliko nyingine zote, kwa kuwa habari njema ni yako, sehemu ya jasho ni ya mwenzako, na vyote viwili vinatakiwa vikae kwenye karatasi moja bila kimoja kukifunika kingine.

Rasimu tutakayoifanyia kazi

Mwandishi wa rasimu hii ni mhitimu aliyeomba ufadhili wa masomo, na anamwandikia mwalimu wake wa zamani. Isome mara moja mpaka mwisho bila kusahihisha.

> YAH: SHUKRANI
>
> Mheshimiwa Mwalimu,
>
> Rejea kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima, napenda kuchukua fursa hii adhimu kukushukuru kwa dhati ya moyo wangu kwa msaada mkubwa na mchango wa hali na mali uliotolewa kwangu katika kipindi chote cha maombi yangu ya ufadhili wa masomo.
>
> Nafurahi kukujulisha kwamba nimechaguliwa kuwa miongoni mwa watu 12 waliopata nafasi kati ya waombaji zaidi ya 900. Usaili ulikuwa mgumu lakini niliweza kujibu maswali yote kwa ufasaha, na mwenyekiti wa jopo aliniambia kuwa andiko langu lilikuwa bora kuliko yote aliyosoma mwaka huu. Nimeanza kupokea mialiko ya kuzungumza na vijana wengine. Asante kwa kutambua kipaji changu mapema.
>
> Bila wewe nisingefika hapa nilipo. Ushauri wako ulikuwa wa thamani sana na umenisaidia kwa kila namna. Umekuwa nguzo, taa na mzazi kwangu. Maneno hayatoshi kueleza shukrani zangu. Nakushukuru sana, sana, tena sana.
>
> Pia ningeomba, ukipata nafasi, unisomee andiko la utafiti nililoambatanisha hapa.
>
> Naomba upokee tena shukrani zangu za dhati.
>
> Ndimi mtiifu wako,

Hakuna sentensi hapa yenye kosa la sarufi, na hakuna yenye nia mbaya. Ndiyo maana rasimu za namna hii hutumwa kila siku. Mwandishi akiisoma peke yake huona imekamilika, kwa kuwa kichwani mwake yale matukio yapo, na kila anaposoma "msaada mkubwa" anayaona. Mwalimu atakayeipokea hana hicho kichwa. Atasoma kilichoandikwa tu.

Kwanza, karatasi ya pembeni

Kabla ya kugusa rasimu, iweke kando na uchukue karatasi nyingine. Andika mistari 3, kila mmoja ukijibu swali moja: Huyu mtu alifanya nini? Kilimgharimu nini kukifanya? Kilibadilisha nini? Andika kwa lugha ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa maelezo ya tukio, na usitumie sifa yoyote. Maneno kama mkubwa, wa thamani na wa kipekee hayaruhusiwi kwenye karatasi hii.

Kwa mhitimu wetu, majibu yangekuwa hivi. Mwalimu alilisoma andiko la maombi mara mbili, na mara ya pili akamwambia autoe ukurasa wa kwanza wote, uliokuwa hadithi ya utoto, aanze na pale alipoeleza jinsi alivyopima maji ya visima 6. Kisha akaandika barua ya mapendekezo. Kilimgharimu jioni mbili za wiki ya kusahihisha mitihani. Kilichobadilika ni kwamba jopo la usaili liliuliza habari za visima karibu muda wote.

Sasa rudi kwenye rasimu na utafute mambo hayo. Usomaji wa mara mbili haumo. Ukurasa ulioondolewa haumo. Visima havimo. Mitihani haimo, barua ya mapendekezo haimo, na swali la jopo halimo. Rasimu yenye maneno 154 haikubeba hata jambo moja kati ya yale ambayo mwandishi mwenyewe, alipoulizwa, aliyaona kuwa ndiyo kiini. Hapo ukaguzi umeshakupa jibu lake kubwa, na bado hujasahihisha neno.

Ikiwa mistari ile 3 inakushinda kuijaza, tatizo haliko kwenye rasimu. Ama humkumbuki vizuri mtu huyu alifanya nini, na itakubidi urudi kwenye jumbe zenu za zamani uangalie, ama alichofanya kilikuwa kidogo na shukrani ya sentensi 2 inamtosha.

Kupima kama maneno ni ya jumla mno

Kipimo chenyewe ni cha kubadilisha jina. Chukua rasimu, ondoa jina la mpokeaji, weka la mtu mwingine aliyekusaidia kwa njia tofauti kabisa: aliyekukopesha nauli, au aliyekupa malazi wiki ya usaili. Soma tena. Kila sentensi inayobaki kuwa kweli kwa huyo mwingine ni ya jumla. "Bila wewe nisingefika hapa nilipo" inabaki kweli. "Umekuwa nguzo, taa na mzazi kwangu" inabaki kweli. Kwenye rasimu yetu, ni neno "ushauri" pekee linaloelekea kidogo upande wa mwalimu, na hata hilo halisemi ulikuwa ushauri gani.

Usizifute zote papo hapo. Zipigie mstari, kisha kwa kila moja jiulize ni jambo gani la kwenye karatasi ya pembeni lililojificha nyuma yake. "Ushauri wako ulikuwa wa thamani sana" linaficha ukurasa ulioondolewa. Badilisha sentensi kwa lile jambo lenyewe, na uache thamani ijionyeshe. Mstari ambao hauna chochote nyuma yake ndio unaofutwa.

Kuna vitenzi vya kutilia shaka kila vinapotokea: kusaidia, kuunga mkono, kuwezesha, kushirikiana, kuchangia. Si vibaya, ila vimebeba kila kitu na kwa hiyo havionyeshi chochote. Kila ukikuta "ulinisaidia", mbele yake weka swali "kwa kufanya nini?" na jibu lake ndilo kitenzi unachokitafuta: ulisoma, ulipiga simu, ulinisindikiza, ulinikatalia, ulisubiri.

Mambo ya kina yana kikomo nayo. Chagua jambo moja ulionyeshe kwa karibu, la pili ulitaje kwa kifupi, na basi. Ukiyamwaga yote, barua inakuwa taarifa ya matukio, na mpokeaji anaanza kusoma akihakiki kama hukusahau kitu. La kuonyesha kwa karibu ni lile ambalo mpokeaji hajui matokeo yake. Mwalimu anajua fika kwamba alisoma andiko. Asichokijua ni kilichotokea kwenye chumba cha usaili. Hiyo ndiyo zawadi pekee ambayo barua inaweza kumpelekea, na ndiyo maana tunasisitiza sana ule mstari wa tatu wa karatasi ya pembeni.

Angalia pia usitaje jambo la siri. Kama aliyekusaidia alikudokeza kitu ambacho hakupaswa kukidokeza, au alizungumza na mjumbe wa jopo kwa niaba yako, usiliandike. Barua husomwa na wengine, na ujumbe husambazwa.

Kupima kama inajisifu

Hapa Kiswahili chenyewe kinarahisisha kazi, kwa sababu kitenzi hubeba mtendaji wake mbele. Chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa rangi ya kwanza zungushia kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni wewe: napenda, nafurahi, nimechaguliwa, niliweza, nimeanza. Kwa rangi ya pili zungushia kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni mpokeaji.

Kuwa makini na *u-*, kwa kuwa inadanganya. Katika "ushauri wako ulikuwa wa thamani na umenisaidia", *u-* ile si ya mwalimu, ni ya ushauri. Katika "msaada na mchango uliotolewa", si ya mwalimu pia. Mwandishi huona *u-* nyingi kwenye ukurasa wake akadhani amemtaja sana mwenzake, kumbe ametaja nomino.

Kwenye rasimu yetu, vitenzi vya mwandishi ni 11. Vya mwalimu ni 4: umekuwa, ukipata, unisomee, upokee. Sasa viangalie hivyo 4. Vitatu vinamwomba afanye kitu, na kile kimoja kilichobaki kinampa cheo cha nguzo. Hakuna hata kimoja kinachosema alifanya jambo. Hiyo ndiyo hesabu yenye maana. Usihangaike kusawazisha idadi, kwa sababu barua unaiandika wewe na *ni-* zitakuwepo tu. Tafuta vitenzi vya mpokeaji vyenye tendo lililokwisha kufanyika, na kama hakuna hata 2, barua inakuzungumzia wewe.

Kipimo cha pili ni kuangalia mambo yenye hesabu kamili yamemwangukia nani. Rasimu ina namba mbili, 12 na 900, na zote zinamhusu mwandishi. Ina nukuu moja, ya mwenyekiti wa jopo, nayo inamhusu mwandishi. Msomaji huhisi majivuno pale anapoona mwenzake akitaja yake kwa usahihi na ya watu wengine kwa ujumla, hata kama kila namba ni ya kweli. Zile namba za washindani zikiondoka na mahali pake pakaja "mara mbili" na "visima 6", kipimo kimehamia upande wa kazi ya mwalimu.

Je, habari njema isitajwe? Itajwe, tena mapema na waziwazi. Mtu aliyekuombea nafasi anataka kujua kama umeipata, na kumzungusha ni kumkosea. Sentensi moja yenye tukio inatosha: "Nimepata ufadhili." Kinachoanza kuharibu ni sentensi ya pili inayoeleza ukubwa wa tukio hilo: wangapi walikosa, nani alishangaa, mialiko iliyofuata. Kata kila kitu kinachopima ushindi, bakiza ushindi wenyewe.

Halafu kuna majivuno yanayovaa nguo za shukrani. "Asante kwa kutambua kipaji changu" ni sifa kwa mwandishi iliyopitishwa kwenye mdomo wa mwalimu. Jamaa zake ni "asante kwa kuniamini" inapofuatwa na orodha ya sababu za kuaminika, na "nashukuru kwamba hukukosea kunichagua". Njia ya kuzitambua ni kufuta neno asante na kusoma kilichobaki. Kikibaki "ulitambua kipaji changu", hiyo ni sifa yako. Kikibaki "ulilisoma andiko langu mara mbili", ni tendo lake.

Kujidharau kupita kiasi nako kuko kwenye kundi hilihili. "Mimi nisiyestahili chochote" humlazimisha mpokeaji akujibu kwamba unastahili, na kwa hiyo mazungumzo yanarudi kwako. Mahali pa kuonyesha unyenyekevu ni pale ulipokubali kusahihishwa: ulishauriwa, ukasita, ukafuata, ukaona matokeo.

Kupima kama ni rasmi mno

Soma rasimu kwa sauti ukijifanya unaongea na mpokeaji uso kwa uso. Kila mahali ambapo ungeona haya kulitamka neno mbele yake, weka alama. Hakuna anayemwambia mwalimu wake "rejea kichwa cha habari hapo juu". Hakuna anayesema "napenda kuchukua fursa hii adhimu" akiwa amesimama mlangoni kwake. Misemo hii inatoka kwenye barua za ofisi, ambako kazi yake ni kumwelekeza karani kwenye jalada sahihi. Kwenye shukrani haina kazi hiyo, na inachofanya ni kumweka msomaji mbali.

Alama nyingine ya urasmi uliozidi ni tendo lisilo na mwenyewe. "Msaada uliotolewa kwangu" unaficha aliyetoa. Kila ukikuta kitenzi cha namna hiyo, kigeuze mpaka mtendaji aonekane: "ulinisomea", "uliniandikia". Mara nyingi utagundua kwamba huwezi kukigeuza bila kwanza kujua ni msaada gani, na hapo umerudi kwenye kasoro ya kwanza.

Heshima na urasmi si kitu kimoja, na hapa ndipo wakaguzi wengi wanapokata visivyostahili kukatwa. "Shikamoo Mwalimu" ni heshima, ibaki. "Mheshimiwa Mwalimu" ni cheo juu ya cheo, na mwandishi hajawahi kumwita hivyo maishani, iondoke. Kanuni ya kutumia ni rahisi: mwite kwenye barua kama unavyomwita ukikutana naye. Kama humwiti kwa jina lake la kwanza, usianze leo kwa kuwa umeambiwa barua iwe nyepesi. Wepesi wa kulazimisha unaudhi zaidi kuliko urasmi, hasa kwa mtu aliyekuzidi umri.

Angalia pia kama mwanzo na mwisho vinazungumza lugha moja. Barua inayofunguliwa kwa "Shikamoo" na kufungwa kwa "Ndimi mtiifu wako" inaonekana imeshonwa na watu wawili.

Urasmi wenyewe si dhambi. Kama shukrani inakwenda kwa bodi, kamati au taasisi, na itawekwa kwenye jalada, iache na kichwa cha habari na tarehe, na utumie "ninyi" au jina la chombo. Hata hapo, aya moja yenye tendo mahususi inabaki kuwa sharti. Kinachobadilika ni fremu tu.

Mwisho kabisa, urefu

Ukishapita hatua hizo 3, rasimu itakuwa imeshapungua. Sasa pima kilichobaki. Kwa ujumbe wa simu, maneno 30 hadi 70 yanatosha. Kwa barua au baruapepe kwa mtu mmoja, 80 hadi 150. Kiswahili hubana mengi ndani ya neno moja, kwa hiyo usitumie vipimo ulivyovikuta kwenye miongozo ya lugha nyingine. Barua ya maneno 250 ya Kiswahili ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye hesabu. Kama shukrani itatamkwa mbele za watu, achana na maneno, pima kwa saa: dakika 2 kwa mtu mmoja ni nyingi.

Takwimu hizo ni za kukushtua tu, hazitoi hukumu. Hukumu itoke kwenye mambo mawili.

La kwanza, hesabu ni mara ngapi umeshukuru. Rasimu yetu inashukuru mara 6 ukianza na kichwa chake. Mara 2 zinatosha, moja karibu na mwanzo na moja mwishoni. Shukrani ya tatu haiongezi uzito. Inaonyesha kwamba mwandishi mwenyewe hakuridhika na zile mbili, na mara nyingi hakuridhika kwa kuwa hazikutaja kitu. "Maneno hayatoshi kueleza shukrani zangu" ni dalili hiyohiyo. Likitokea, angalia kama maneno yenyewe yaliwahi kujaribiwa.

La pili, funika sentensi ya mwisho kwa mkono, usome. Kama hakuna kilichopotea, ifute na ufunike iliyokuwa kabla yake. Endelea hivyo mpaka ufike kwenye sentensi ambayo ukiifunika unaihitaji. Barua nyingi za shukrani humalizika sentensi 2 au 3 kabla ya pale mwandishi alipoweka sahihi.

Ombi jipya liondoke hata kama lina maneno 10 tu. "Pia ningeomba unisomee andiko la utafiti" hugeuza yote yaliyotangulia kuwa utangulizi wa ombi, na mwalimu atasoma shukrani kama njia ya kumlainisha. Ombi lina barua yake. Lipe wiki mbili tatu.

Upo pia ufupi unaokosea. Mtu aliyetumia jioni mbili juu ya karatasi zako akipokea "Asante sana Mwalimu, nimepata, ubarikiwe", ataelewa, lakini hatajua kama unajua alichofanya. Kama rasimu yako iko chini ya maneno 30 na msaada ulikuwa wa saa nyingi, rudi kwenye mstari wa tatu wa karatasi ya pembeni uongeze sentensi moja kutoka hapo. Usiongeze sifa.

Rasimu baada ya ukaguzi

> Shikamoo Mwalimu,
>
> Nimepata ufadhili. Barua imefika jana jioni.
>
> Asante. Ulilisoma andiko langu mara mbili, tena wiki ile uliyokuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Uliponiambia niutoe ukurasa wa kwanza wote na nianze na vile visima 6, nilisita, maana ukurasa ule ndio nilioupenda kuliko zote. Kwenye usaili hakuna aliyeniuliza nilikulia wapi. Jopo liliuliza habari za visima karibu muda wote. Barua ya mapendekezo nayo uliituma siku 2 kabla ya mwisho, bila mimi kukukumbusha.
>
> Masomo yanaanza Septemba. Nikishafika nitakuandikia nikueleze maabara yao ilivyo.
>
> Nakushukuru sana, Mwalimu.

Maneno 83, karibu nusu ya yale ya mwanzo, na hakuna hatua ambayo tulikata kwa ajili ya kufupisha tu. Vitenzi vya mwalimu vyenye tendo lililokwisha sasa vipo: ulilisoma, uliponiambia, uliituma. Vitenzi vya mwandishi bado ni vingi, ila vitazame: kimoja kinatoa habari, kadhaa vinamwonyesha akisita na kuelekezwa, vingine vinaahidi kuandika tena. Hakuna kinachompima dhidi ya waombaji wengine.

Sentensi inayobeba barua yote ni ile ya jopo na visima. Inamwambia mwalimu kwamba alikuwa sahihi bila kulitumia neno "sahihi", na inaonyesha kwamba ushindi ulipatikana bila mwandishi kujisifia majibu yake. Ukilazimika kubakiza sentensi moja tu pamoja na asante, ingekuwa hiyo.

"Umekuwa nguzo, taa na mzazi" imeondoka, na wengine wataisikitikia. Kama mwandishi anaamini kweli kwamba mwalimu amekuwa mzazi kwake, neno hilo moja linaweza kurudi, likiwa peke yake na likiwa na sababu iliyosemwa. Yakija matatu kwa mpigo, kila moja linapunguza jingine.

Unapoikagua rasimu ya mtu mwingine

Usianze na kalamu. Mwulize yale maswali 3 kwa mdomo, na uandike anavyojibu, neno kwa neno. Watu husema vizuri kuliko wanavyoandika, na sentensi bora ya barua mara nyingi hutoka hapo, kama ilivyotoka ile ya jopo kuuliza habari za visima. Mrudishie rasimu yake pamoja na majibu yake, umwonyeshe ni wapi hayakutani. Ukimsahihishia kwa maneno yako, mpokeaji atasikia sauti asiyoijua.

Kama unaikagua yako mwenyewe na hakuna wa kukuuliza, iache ilale usiku mmoja, lakini usiiache wiki. Kesho yake mpe mtu ambaye hajui kisa chote aisome mara moja, kisha umnyang'anye karatasi umwulize: "Huyu aliyeandikiwa alifanya nini?" Akijibu "alikusaidia sana", rudi hatua ya kwanza. Akijibu "alikuambia utoe ukurasa wa kwanza", hakiki jina na tahajia yake, kisha itume.